Nondo zinapopanda bei katikati ya kazi: maswali kuhusu notisi ya tahadhari ya mapema kwa Meneja wa Mradi

Maswali haya huulizwa na wakadiriaji majenzi na mameneja wa saiti walio upande wa mkandarasi. Kazi ninayoifikiria ni jengo la fremu ya zege, ambalo sehemu kubwa ya chuma chake ni nondo. Kwa jengo la vyuma vya mihimili na nguzo mantiki ni ileile, isipokuwa huko oda za kiwandani hutangulia mapema zaidi.

Notisi ya tahadhari ya mapema ni kitu gani hasa?

Ni barua fupi ya kumwambia Meneja wa Mradi kwamba kuna jambo linakuja, halijatokea lote, na bado kuna nafasi ya kulifanyia kitu. Katika mkataba sanifu wa ujenzi wa NEC4 imo kwenye kifungu cha 15. Katika FIDIC ya mwaka 2017 imo kwenye kifungu cha 8.4, na toleo la 1999 lilikuwa na wajibu unaofanana nayo kwenye 8.3. Mikataba mingine haina kifungu cha jina hilo, lakini hakuna mkataba unaomzuia mkandarasi kuiandika.

Barua hii haiombi malipo. Watu wengi hujikwaa hapa. Wanaogopa kuiandika kwa kudhani wanafungua madai, au wanaiandika kwa sauti ya madai, na Meneja anajibu kwa sauti ya kujitetea. Barua ya tahadhari inayoanza kwa kutaja nani atalipa imeshapoteza nusu ya kazi yake. Swali lake la kwanza ni hili: tufanye nini wiki hii ili gharama isifike huko inakoelekea?

Mkataba wangu ni wa bei isiyobadilika. Kupanda kwa nondo ni shida yangu mwenyewe. Kwa nini nimwandikie Meneja?

Ni kweli kwamba chini ya bei isiyobadilika kupanda kwa bei ya soko peke yake hakukupi haki ya kuongezewa fedha. NEC4 inatenganisha vizuri. Jambo linaloweza kuongeza jumla ya bei za mkataba, kuchelewesha ukamilishaji au kudhoofisha kazi ikishaanza kutumika, *lazima* litolewe tahadhari mara tu unapolijua. Jambo linaloweza kuongeza gharama ya mkandarasi tu, mkandarasi *anaweza* kulitolea tahadhari. Bei ya nondo inaanzia kwenye kundi hilo la pili.

Lakini haikai huko muda mrefu. Mkandarasi anayenunua nondo kwa hasara huanza kununua kidogo kidogo. Oda ya tani 60 inakuwa oda ya tani 20 mara tatu, mafundi wanasimama wakisubiri gari, na slabu iliyopangwa kumwagwa Jumamosi inasogea hadi Jumatano. Hapo jambo limeshahamia kwenye ucheleweshaji, na tahadhari ni lazima. Tena baadhi ya njia za kupunguza hasara, kama kupitia upya michoro au kulipia vifaa kabla havijafungwa kwenye kazi, ziko mikononi mwa Meneja na mteja. Huwezi kuzifikia bila kumwandikia.

Katika mkataba wa gharama lengwa sababu ni nyepesi zaidi kueleza: mteja hulipa gharama halisi kazi inavyoendelea, na ziada juu ya lengo hugawanywa baadaye. Mteja naye anaumia, na ana haki ya kujua mapema.

Mkataba una kanuni ya kurekebisha bei. Si itajilipa yenyewe?

Itajilipa kwa sehemu, na kwa kuchelewa. Kanuni ya FIDIC ina umbo hili:

```
Pn = a + b(Ln/Lo) + c(En/Eo) + d(Mn/Mo) + ...
```

Herufi *a* ni sehemu isiyorekebishwa, na zinazofuata ni uzito wa nguvukazi, mitambo, vifaa na kadhalika, kila mmoja ukizidishwa kwa fahirisi ya bei ya sasa iliyogawanywa kwa ile ya mwanzo. Chukua chuma kilichopewa uzito wa 0.10, na fahirisi yake ikapanda kwa asilimia 14. Malipo ya kipindi hicho yatapanda kwa asilimia 1.4, hata kama wewe mwezi huo hukununua nondo, au umenunua mzigo wa miezi mitatu. Kanuni haitazami ankara yako, inatazama fahirisi. Na chini ya FIDIC ya 1999 fahirisi inayotumika ni ile ya siku 49 kabla ya mwisho wa kipindi cha malipo. Soko likipanda kwa kasi, unalipwa kwa bei ya juzi huku unanunua kwa bei ya leo.

Katika NEC marekebisho haya huja kwa kipengele cha X1, ambacho ni cha hiari. Kwa hiyo kabla hujaandika lolote, fungua taarifa za mkataba uone kama X1 ilichaguliwa, chuma kilipewa uzito gani, na fahirisi ipi ilitajwa. Nimeona mikataba ambayo uzito uliandikwa kwa ajili ya "vifaa" kwa ujumla, hivyo nondo zikipanda huku saruji na mbao zimetulia, fahirisi inatikisika kidogo tu. Tofauti hiyo kati ya kanuni na soko ndiyo unayoitolea tahadhari.

Nijue vipi kwamba wakati wa kuandika umefika? Bei hupanda na kushuka kila siku.

Mimi siangalii bei kwanza. Naangalia muda wa kotesheni. Muuzaji aliyekuwa akiandika "bei hii ni halali kwa siku 30" akianza kuandika siku 7, kisha "bei ya siku ya kupakia", anakwambia waziwazi kwamba yeye mwenyewe hajui atanunua kwa bei gani kiwandani. Ishara ya pili ni pale anapotaka malipo yote kabla ya kupakia, wakati mlizoea kulipana baada ya siku 30. Ya tatu ni vipenyo fulani kuadimika: milimita 12 na 16 zipo, lakini milimita 25 na 32 "zinakuja wiki ijayo" kwa wiki tatu mfululizo.

Ukiona mawili kati ya hayo, pamoja na kotesheni mbili za wauzaji tofauti zilizo juu ya bei ya zabuni kwa zaidi ya kile ulichoweka kama akiba ya hatari, andika. Usisubiri ankara. Ankara ni ushahidi wa jambo lililokwisha kutokea, na tahadhari ya jambo lililokwisha kutokea haimsaidii mtu.

Naweza kuliweka tu kwenye ripoti ya mwezi?

Hapana, na hili nililijua kwa maumivu. Miaka kadhaa nyuma, kwenye kazi ya mkandarasi mmoja, niliandika katika ripoti ya mwezi sentensi moja: "Bei za nondo zinapanda, tunafuatilia." Niliamini nimetimiza wajibu. Miezi mitatu baadaye, tulipokaa mezani tukiwa na pengo kubwa kwenye hesabu, Meneja alifungua ripoti ile ukurasa wa 14, akaweka kidole juu ya sentensi yangu, akaniuliza kwa upole: "Ndugu yangu, hapa ulitaka nifanye nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimependekeza kitu. Slabu mbili ambazo nondo zake zingepunguzwa kwenye michoro zilikuwa zimeshamwagwa zege.

Mbali na hekima, kuna kanuni. NEC, kifungu cha 13.7, inataka notisi itumwe peke yake, isichanganywe na mawasiliano mengine. Sentensi ndani ya ripoti, au ujumbe wa simu kwa Meneja, si notisi.

Nahesabuje ongezeko linalotarajiwa?

Nitachukua kazi moja na kuimaliza. Namba ni za mfano, nazo ni kwa fedha ya mkataba, iwe ni ipi. Jengo lina nondo tani 620, zilizopigiwa hesabu ya 1,000 kwa tani kwenye zabuni. Mkataba ni wa gharama lengwa, hauna kipengele cha kurekebisha bei. Tani 210 zimeshafungwa. Zimebaki tani 410, pamoja na upotevu wa kukata.

Jambo la kwanza ni kupata hizo tani 410 kutoka kwenye orodha za kukata na kukunja nondo, si kwa kutoa ankara kwenye jumla ya zabuni. Zabuni huwa na makisio. Ukikosea tani 30 hapa, hakuna hesabu ya bei itakayokuokoa.

Jambo la pili ni kuzigawa kwa tarehe ya kununua kulingana na ratiba ya kazi. Hapa ni tani 130 mwezi wa 1, tani 160 mwezi wa 3, na tani 120 mwezi wa 5. Watu hupenda kuzidisha tani zote kwa bei ya leo, au zote kwa bei mbaya kabisa. Kila fungu lina bei ya siku yake.

Jambo la tatu ni bei yenyewe. Kotesheni ya leo ni 1,140. Nikitazama mwendo wa kotesheni za miezi iliyopita, ninatarajia 1,200 mwezi wa 3 na 1,260 mwezi wa 5. Ziada juu ya zabuni inakuwa 18,200 kwa fungu la kwanza, 32,000 kwa la pili na 31,200 kwa la tatu. Jumla 81,400.

Halafu napiga hesabu hiyo mara mbili zaidi. Bei ikisimama palepale 1,140, ziada ni 57,400. Ikiruka hadi 1,280 mwezi wa 3 na 1,400 mwezi wa 5, ziada ni 111,000. Kwa hiyo ninachomwandikia Meneja ni: inaelekea 81,400, isipungue 57,400 iwapo soko litatulia sasa, na inaweza kufika 111,000.

Makadirio yangu yakikosea, sitaonekana mwongo?

Ukiandika namba moja tupu, ndiyo. Ukiandika namba tatu na kueleza kila moja inasimama juu ya dhana gani, Meneja anaweza kuifuata mwenyewe bei ikibadilika. Weka kotesheni kama kiambatisho, zikiwa na tarehe zake. Kama bei ikishuka chini ya 1,140, unatuma marekebisho ya mistari mitatu na hakuna aliyeaibika.

Kosa linaloharibu heshima ni jingine: kuingiza ndani ya "bei ya chuma" mambo yasiyo ya bei. Nondo zilizokatwa vibaya, orodha iliyokosewa, tani zilizopotea saiti. Mkaguzi wa upande wa mteja huyaona haya haraka, na akiyaona mara moja hataiamini tena karatasi yako.

Nipendekeze njia zipi?

Njia chache, na kila moja ipigiwe hesabu kwa hali zote tatu za soko. Nitabaki kwenye kazi ileile.

Njia ya kwanza ni kununua tani zote 410 sasa kwa 1,140. Ziada ya bei ni 57,400. Ongeza gharama ya fedha zilizofungwa: tani 160 zinakaa miezi miwili kabla ya wakati wake, tani 120 zinakaa miezi minne. Kwa asilimia 1 kwa mwezi ni 9,120. Kuhifadhi, kufunika na kulinda nimeweka 4,500. Jumla 71,020, na namba hii haibadiliki soko liende wapi. Ukilinganisha na hali inayotarajiwa, inaokoa 10,380. Soko likiruka inaokoa karibu 40,000. Likitulia, umepoteza 13,620 bure.

Namba hizo hazionyeshi hatari kubwa ya njia hii, nayo ni vipenyo. Ukinunua nondo za milimita 20 kwa ajili ya ghorofa za juu, kisha mhandisi wa miundo akabadilisha kuwa milimita 16, unabaki na fungu la chuma lisilo na kazi. Kwa hiyo mpaka wa njia hii ni michoro: nunua mapema kile tu ambacho mchoro wake umeshaidhinishwa kwa ujenzi.

Katika kazi yetu michoro ya fungu la pili, tani 160, imeidhinishwa. Ya fungu la tatu bado. Hapo inazaliwa njia ya pili: nunua sasa mafungu mawili ya kwanza, yaani tani 290, na ulisubirishe la tatu. Kwa kuongeza 3,648 za fedha zilizofungwa na 2,000 za kuhifadhi, jumla inatarajiwa kuwa 77,448. Peke yake inaokoa kidogo, kama 4,000.

Lakini kwa sababu michoro ya fungu la tatu bado iko wazi, kuna la kufanya humo. Mhandisi wa miundo apitie upya mpangilio wa nondo za ghorofa za juu. Sisemi apunguze usalama. Mara nyingi tani hupotea kwenye mambo ya kawaida: nondo za slabu zimewekwa sawa ghorofa zote ingawa mzigo wa juu ni mdogo, sehemu za kupishana nondo zimepangwa bila kujali kwamba nondo huja na urefu wa mita 12, na kila kipande cha mita 7 kinaacha kipande cha mita 5 ambacho hakina pa kwenda. Tuseme upitiaji huo unapunguza asilimia 6 ya tani 120, yaani tani 7.2. Kwa bei ya 1,260 ni 9,072. Ondoa ada ya mhandisi 3,000, inabaki 6,072. Njia ya pili ikiunganishwa na upitiaji huu inashuka hadi 71,376.

Tazama hapo: 71,376 dhidi ya 71,020 za kununua zote. Tofauti ni 356, lakini njia iliyounganishwa haifungi fedha kwenye tani 120 ambazo michoro yake haijatulia. Soko likitulia, inafika 57,840, yaani umepoteza 440 tu ukilinganisha na kukaa kimya. Udhaifu wake ni soko likiruka: hapo itafika 87,168, na anayenunua zote angebaki kwenye 71,020. Kwa hiyo uamuzi unategemea jinsi mteja anavyouogopa mruko huo, na huo ni uamuzi wake, si wako. Wewe mwoneshe namba na useme ungechagua nini. Mimi ningechagua iliyounganishwa.

Kukaa bila kufanya kitu nako kuandikwe kama njia, pamoja na bei yake. Meneja atakayeamua kusubiri awe ameona 81,400 kwa macho yake.

Vipi kuhusu kubadilisha daraja la chuma au muuzaji?

Muuzaji mwingine ni jambo la kawaida, mradi cheti cha kiwanda kilingane na kibao cha bati kilichofungwa kwenye kila fungu: namba ya myeyusho, kipenyo, daraja. Bila kulingana, usipokee.

Kuhusu daraja, wengi hufikiri ukitoka nguvu ya 460 kwenda 500 unapunguza chuma kwa uwiano uleule, kama asilimia 8. Inawezekana mahali ambapo nguvu ndiyo inayotawala. Slabu nyingi hutawaliwa na kiasi zinachobonyea chini ya mzigo, nyufa au kiwango cha chini cha nondo, na hapo daraja la juu halikupunguzii kitu cha maana. Urefu wa kupishana nao huongezeka. Mwachie mhandisi wa miundo aseme, na asizipigie hesabu akiba ambazo hajaziona kwenye mahesabu.

Barua yenyewe iandikwe vipi?

Ukurasa mmoja unatosha, hesabu ziwe kiambatisho. Hii ni ya kazi yetu:

> NOTISI YA TAHADHARI YA MAPEMA Na. 7
>
> Kwa: Meneja wa Mradi
> Kutoka: Mkandarasi
> Jambo: Kupanda kwa bei ya nondo, tani 410 zilizosalia
>
> Ndugu Meneja wa Mradi,
>
> Tunatoa tahadhari ya mapema chini ya kifungu cha 15.1. Bei ya nondo imepanda kutoka 1,000 kwa tani kwenye zabuni hadi 1,140 kwa kotesheni ya wiki hii, na wauzaji wamepunguza muda wa kotesheni kutoka siku 30 hadi 7.
>
> Kwa tani zilizosalia tunatarajia gharama kuzidi kwa 81,400. Soko likitulia ziada itakuwa 57,400. Likipanda kwa kasi inaweza kufika 111,000. Oda zikichelewa, ghorofa ya 6 kwenda juu inaweza kuathirika kwa ratiba.
>
> Tunapendekeza kununua sasa tani 290 ambazo michoro yake imeidhinishwa, na mhandisi wa miundo apitie upya nondo za ghorofa za juu kabla ya kuidhinisha michoro. Njia nyingine, pamoja na hesabu zake, zimo kwenye kiambatisho.
>
> Kotesheni tuliyonayo inaisha Ijumaa. Tunaomba kikao cha tahadhari kabla ya Jumatano, na mhandisi wa miundo awepo.
>
> Wenu katika kazi,

Angalia kwamba haina neno "kudai" wala "haki zetu". Ina siku ya mwisho, na siku hiyo imetoka kwa muuzaji, haikutungwa ili kumsukuma mtu.

Kwenye kikao mnazungumza nini?

Chini ya NEC4 kikao ni cha kutoa mapendekezo, kutafuta suluhisho lenye faida kwa walioathirika, na kuamua nani afanye nini. Nenda na watu wawili wanaojua: mnunuzi wenu, anayeweza kumpigia muuzaji palepale, na fundi mkuu wa nondo, anayejua vipande vinapotea wapi. Mara nyingi fundi ndiye anayesema jambo ambalo halimo kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Meneja analirekebisha daftari la tahadhari na kulituma ndani ya wiki moja baada ya kikao. Kama uamuzi unabadilisha upeo wa kazi, kwa mfano nondo za ghorofa za juu kupangwa upya, subiri maagizo yake ya maandishi. Kuandikwa kwenye daftari hakubadilishi upeo wa kazi. Nimeona fundi akipewa mchoro mpya kwa sababu "tulikubaliana kikaoni", na baadaye hakuna karatasi ya kuuthibitisha.

Tukinunua mapema, mteja atalipia chuma kilicholala chini?

Inategemea mkataba. FIDIC ina kifungu cha 14.5 cha vifaa vilivyokusudiwa kwa kazi, ambacho kinaruhusu asilimia 80 ya gharama yake ilipwe kabla havijafungwa, lakini tu kama vifaa hivyo viliorodheshwa tangu mwanzo. Kama nondo hazimo, mnahitaji makubaliano. Mteja atataka kuona umiliki umehama, mafungu yametengwa na kuandikwa jina la mradi, na bima ipo. Yaandae kabla hajauliza.

Nondo zilazwe juu ya mbao, zisiguse udongo, zifunikwe lakini hewa ipite. Kutu ya juujuu inayofutika haidhuru. Kutu inayomeguka vipande na kuacha mashimo imekula kipenyo, na nondo hiyo mhandisi ataikataa.

Meneja asipojibu je?

Chini ya NEC4 wewe pia unaweza kumtaka Meneja ahudhurie kikao, huhitaji kusubiri akuite. Taja saa na mahali. Akikaa kimya hadi kotesheni ikaisha, tuma marekebisho ya notisi siku hiyohiyo: kotesheni mpya ni kiasi gani, ziada sasa ni kiasi gani. Usimlaumu ndani ya barua. Namba mbili zenye tarehe mbili zinajieleza.

Na nikichelewa kuiandika?

Kwa bei ya soko peke yake, utakuwa umejinyima njia za kupunguza hasara. Adhabu ya kimkataba huja kwa njia ya pembeni. Tuseme baadaye Meneja anaagiza ghorofa ya ziada, ambalo ni tukio la fidia. Akiamua kwamba hukutoa tahadhari ambayo mkandarasi mwenye uzoefu angeitoa, na akalisema hilo anapokutaka ulete bei, tukio hukadiriwa kana kwamba ulitoa tahadhari. Yaani nondo za ghorofa hiyo zinaweza kuhesabiwa kwa bei ambayo zingenunuliwa kama ungesema mapema.

Kumbuka pia kwamba tahadhari haichukui nafasi ya notisi nyingine. Tukio la fidia lina notisi yake, ambayo NEC4 huipa wiki 8 tangu mkandarasi alipolijua, na madai chini ya FIDIC yana siku 28.

Kuna jambo saiti ambalo watu hulisahau bei zikipanda?

Uzito. Chuma kikipanda, nondo nyepesi huanza kuonekana sokoni, kwa sababu muuzaji anayeuza kwa idadi ya nondo hufaidika na kila gramu isiyokuwepo. Uzito wa mita moja kwa kilo ni kipenyo kwa milimita, mara kipenyo, gawanya kwa 162. Nondo ya milimita 16 inatakiwa iwe kilo 1.58 kwa mita. Kiwango cha EN 10080 kinaruhusu asilimia 4.5 juu au chini kwa vipenyo vinavyozidi milimita 8, kwa hiyo chini ya kilo 1.51 ni ya kurudisha.

Kata kipande cha mita moja kutoka mafungu matatu tofauti, pima kwenye mizani ya duka la saiti kabla gari halijaondoka, na upige picha mizani pamoja na kibao cha fungu. Kipande kikisoma 1.46, gari halishushwi, na picha hiyo inaingia kwenye faili la notisi Na. 7.